Kazi tano ndani ya miaka mitano na nusu, nami natafuta mtu wa kukaa. Nimsaili au nimwache?

Mizani_Mbili

Wakuu, naombeni macho yenu hapa. Nasimamia kitengo kidogo cha hesabu na natafuta karani wa mishahara. Tuna wafanyakazi 180, wengine wanalipwa kwa mwezi, wengine kwa siku, wengine wana makato ya mikopo. Kuielewa kazi si tabu, tabu ni kuizoea, maana kuna mambo yanakuja mara moja tu kwa mwaka: kufunga hesabu, nyongeza za mishahara, taarifa za kodi za mwaka mzima. Mtu akiondoka kabla ya miezi 12 anaondoka hajayaona, na anayekuja nyuma yake anaanza kupapasa upya.

Wa mwisho alikaa miezi 10. Aliyemtangulia alikaa 7. Kila mara wanapoondoka narudi mimi kwenye meza ile.

Sasa kuna mwombaji mmoja, dada, kwenye jaribio la vitendo amewaacha wote mbali. Nilinakili orodha yetu ya malipo nikapandikiza makosa manne. Aliyaona manne yote, akazungushia na la tano ambalo sikulipandikiza mimi: mtu mmoja ameingia mara mbili, safari ya pili jina la ukoo likiwa limetangulia. Lilikuwa kwenye orodha yetu halisi!

Lakini wasifu wake una kazi tano, kila moja imeandikwa miaka tu, 2019–2020 na kadhalika, hakuna miezi. Mkurugenzi ameutazama kwa sekunde kumi akasema huyu ni mpita njia, muweke pembeni. Nimuweke?

Chuma_Hakipindi

Muweke. Mimi nina kanuni moja nimeitumia miaka: jumlisha muda wote, gawa kwa idadi ya kazi. Ikitoka chini ya miaka miwili, na nafasi inataka utulivu, simwiti. Sina chuki na mtu, ila mtu hufanya alichokwisha kufanya. Kuna mwanasaikolojia, Edwin Ghiselli, alilisema hili tangu 1974, kwamba wapo watu wana hamu ya kuhamahama kazi, sababu hata hawana.

Nyota_ya_Asubuhi

Pole ndugu yangu. Usikate tamaa kwa sababu ya huyo mkurugenzi. Hizo kazi fupi mbili tatu ziunganishe ziwe moja, andika "kazi za mikataba mbalimbali", na hiyo miaka iache hivyohivyo bila miezi. Utaitwa tu.

Mizani_Mbili

Asante, lakini mimi ndiye ninayeajiri.

Nyota_ya_Asubuhi

Aah, samahani. Basi jua kwamba wanafanya hivyo 😅

Bibi_Daftari

Nimekaa upande wa utumishi zaidi ya miaka 20, nikuambie ninavyousoma wasifu wa namna hii.

Kwanza pata miezi. 2019–2020 inaweza kuwa Desemba hadi Januari, miezi miwili, au Januari hadi Desemba ya mwaka wa pili, miezi 24. Hata hiyo kanuni ya Chuma huwezi kuipiga bila miezi. Mwandikie leo, mwombe mwezi wa kuanza na wa kumaliza kwa kila kazi, na aina ya mkataba. Waombe waombaji wote uliowabakiza, asiwe yeye peke yake, ili uwapime kwa kipimo kimoja.

Ukishapata, usijumlishe. Chukua kalamu, mbele ya kila kazi andika ni nani aliyeimaliza. Mkataba wa mwaka mmoja ukiisha kwa miezi 12, mtu amekaa muda wote aliopewa. Kuziba pengo la aliye likizo ya uzazi, hivyohivyo. Tawi likifungwa, hakuchagua. Zinazokuhusu ni zile alizoondoka kwa miguu yake, na hapo unatafuta kama sababu ni ileile inajirudia. Kuondoka mara mbili kwa sababu mbili ni maisha. Sababu ikijirudia, hiyo itakuja nayo kwako.

Na Chuma, huyo Ghiselli alimzungumzia mtu anayeondoka bila sababu ya maana. Huwezi kumjua mtu huyo kwa kugawanya.

Bado_Nipo

Mimi nataka kusema jambo. Mwaka juzi tuliajiri mtu aliyekaa sehemu moja miaka 11. Tulishangilia kama tumepata dhahabu. Aliondoka mwezi wa nne. Alizoea kule kila kitu kinafanywa namna moja, kwetu fomu ikibadilika anaugua. Sijui kama inasaidia, ila nimekumbuka.

Kijiti_cha_Pili

Kwani tatizo liko wapi? Muulize kama ameolewa, kama ana mpango wa kupata mtoto karibuni. Na umfunge mkataba wa miaka mitatu, biashara imekwisha.

Bibi_Daftari

Kijiti, la kwanza usimpe mtu ushauri huo. Nchi nyingi sheria inakataza kumbagua mwombaji kwa ujauzito au ndoa, na ukiuliza kwenye usaili umeshajiandikia ushahidi mwenyewe. Halafu halijibu swali. Mizani, wale wawili wako waliondoka kwa uzazi?

Mkataba wa miaka mitatu wenye kifungu cha notisi anaukata kwa notisi kama wengine wote. Na ukifanikiwa kumshikilia asiyetaka kukaa, atakuwa mezani pako lakini makosa ya orodha hatayazungushia tena.

Mizani_Mbili

Nimerudi. Niliwaandikia wote watatu waliobaki. Yeye alijibu jioni ileile, bila kuzungukazunguka:

Ya kwanza, miezi 12, mkataba wa mwaka mmoja. Ya pili, miezi 14, tawi lilifungwa. Ya tatu, miezi 6, alimshikia nafasi mama aliyekwenda kujifungua. Ya nne, miezi 9, aliacha mwenyewe. Ya tano, miezi 20, na bado yuko hapo.

Katikati kuna mapengo ya jumla ya miezi 5.

Chuma_Hakipindi

61 gawa kwa 5. Miezi 12 na kidogo. Nilisema.

Bibi_Daftari

Chuma, hiyo 20 haijaisha. Umeihesabu kama vile ameshaondoka. Na zile tatu za kwanza hata angetaka kukaa miaka kumi asingeweza. Kinachobaki cha kusoma ni hiyo ya 9, na hii ya 20 anayotaka kuiacha aje kwa Mizani. Vitu viwili tu. Ni vichache, sitakuambia nimeshamjua mtu.

Mizani, hapo sasa ndipo usaili unapoanzia. Usimuulize "utakaa muda gani?" Atakujibu unachotaka kusikia. Chukua hizo mbili, muulize kwa utulivu: siku gani ulianza kufikiria kuondoka, na kulikuwa kumetokea nini? Ulimwambia bosi? Alifanya nini? Kazi iliyofuata uliijuaje? Aliyesema tatizo kabla ya kuondoka na akasubiri kidogo ni tofauti na yule aliyetafuta kazi nyingine kimyakimya tangu wiki ya pili.

Kwa wadhamini, ile ya miezi 6 waulize kama mkataba ulikuwa wa miezi 6 tangu mwanzo. Nao waulize kama wangemchukua tena. Ila huyu mwajiri wa sasa usimpigie mpaka yeye akuruhusu, unaweza kumfukuzisha kazi mtu ambaye hujamwajiri.

Na jambo moja bado hujatuambia. Wale wa miezi 10 na 7 waliondoka kwa nini?

Mizani_Mbili

Mmoja alisema amepata sehemu nzuri zaidi. Mwingine alisema sababu za kifamilia. Ndivyo barua zilivyosema.

Bado_Nipo

Barua zote za kuacha kazi zinasema hivyo. Yangu pia ilisema hivyo, na nilikuwa naondoka kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa anakaa meza ya pili.

Bibi_Daftari

Wapigie. Imeshapita, hawana cha kuogopa.

Mizani_Mbili

Siku nne baadaye, samahani kwa kuchelewa, mishahara ilikuwa juu yangu.

Nimempigia yule wa miezi 10. Alicheka kwanza. Anasema mahudhurio ya vibarua yanatakiwa kumfikia tarehe 20, lakini idara mbili huleta tarehe 25 au 26, na benki inataka faili tarehe 27. Kwa hiyo kila mwezi alikuwa na usiku mmoja au miwili ya kuingiza kila kitu peke yake, na kosa likitokea jina linalotajwa ni lake. Aliniambia, "Nilikuambia mara mbili." Kweli aliniambia. Nilimjibu nitazungumza nao.

Halafu jana nimemsaili yule dada, nikauliza kama Bibi alivyosema. Ile ya miezi 9: walihamia mfumo mpya wa mishahara, mwenzake akaondoka, akaahidiwa msaidizi. Alikumbusha kwa maandishi mara tatu, mwezi wa nane akaanza kutafuta. Hii ya sasa: anafanya kazi ya aliye juu yake tangu miezi saba iliyopita, cheo kinaahidiwa kila robo mwaka. Mdhamini wa kazi ya tatu anasema mkataba ulikuwa wa miezi 4, wao ndio walimwomba aongeze 2.

Bibi_Daftari

Basi umeuona mchoro. Huyu hakimbii kazi, anaondoka pale ahadi inapokufa, na anavumilia kama miezi 8 hivi. Wewe una kiti ambacho kimewatoa watu wawili mfululizo katika muda huohuo, kwa ahadi uliyoitoa na hukuitimiza. Ukimweka hapo kama palivyo, nadhani utakuwa na uzi mwingine hapa kabla ya mwaka kuisha.

Chuma_Hakipindi

Au ni mtu ambaye kila mahali anaona hakutendewa haki. Nimewahi kuwa nao hao. Mara zote lawama iko kwa bosi.

Bibi_Daftari

Inawezekana, silikatai. Ndiyo maana nilitaka Mizani ajue dada aliyasema kwa nani na lini. Alichokumbusha kwa maandishi, mdhamini wa kazi ya nne anaweza kukikubali au kukikana. Mizani, huyo umempigia?

Mizani_Mbili

Bado, simu haipokelewi, nimeacha ujumbe.

Nimezungumza na mkurugenzi. Hoja ya wasifu hakuisikiliza sana, ila tarehe zilimgusa. Amekubali idara ikipitisha tarehe 20, malipo ya vibarua wake yanasubiri awamu ya pili, na barua aandike yeye. Nimemwomba aiandike kabla sijampa mtu yeyote ajira, na yule dada nimuonyeshe barua yenyewe, nisimwahidi kwa mdomo. Na nimemwambia dada ukweli kuhusu wale wawili waliomtangulia. Alinyamaza, kisha akauliza: huyo mtu aliyeingia mara mbili kwenye orodha, ameshalipwa mara ngapi?

Ilibidi nirudi kwenye faili kuangalia. Miezi mitatu.

Kijiti_cha_Pili

Muajiri huyo kabla hatujakuomba namba yake.