Mjadala: Je, kampuni zinazolipa zaidi ya soko hapa Lubumbashi ndizo zinatuacha nje ya geti?

Kijana wa Katuba:
Jambo wakubwa. Kuna bohari moja Kampemba inalipa walinzi wa usiku karibu mara mbili ya wengine. Nilienda nikasema nitafanya kazi ileile kwa bei ya chini. Kapita, msimamizi wa pale, alicheka, akanirudisha. Kama hela ipo, kwa nini wasiajiri wawili kwa bei ya mmoja? Mimi naona serikali iweke kikomo cha mshahara.

Mwalimu wa Ruashi:
Kapita wala hakuwa na roho mbaya, alipiga hesabu. Nakupa ya kubuni uione mwenyewe.

Kukesha macho wazi ni taabu. Tuseme taabu hiyo ina thamani ya dola 20 kwa mwezi kwa mlinzi wa kawaida. Bosi hawezi kusimama pale usiku kucha, kwa hiyo anayelala ana nafasi moja kati ya kumi ya kukamatwa katika mwezi, na akikamatwa anafukuzwa. Kulala kunampa 20 kila mwezi bila shaka. Kufukuzwa kunakuja mara moja katika kumi. Basi ili asilale, kufukuzwa lazima kumtie hasara ya 200.

Hasara hiyo inatoka wapi? Nje ya geti anaokota vibarua vya dola 60 kwa mwezi. Ukimlipa 80, ukitoa 20 za taabu, amebaki na 60, sawasawa na mtu wa nje. Hana cha kupoteza, atalala. Sasa tuseme aliyefukuzwa huchukua miezi 5 kupata kazi nyingine ya aina hiyo. Ili miezi hiyo impotezee 200, kazi lazima imzidishie 40 kila mwezi, na mshahara unakuwa 120. Mji ukiwa na kazi tele, akapata nyingine kwa miezi 2, nyongeza inapanda hadi 100 na mshahara unafika 180.

Wewe ulipojitolea kwa bei ya chini, tuseme 80, ulisema kweli, siku ile ungefurahi. Ila ukishaingia, bosi hana tena cha kukushikia.

Na tazama linalofuata. Bohari moja ikipandisha, inawazidi jirani. Zote zikipandisha, hakuna tena aliye juu ya mwenzake, lakini kwa bei hiyo kila moja inaajiri watu wachache zaidi. Watu wa nje wanaongezeka, na kupata kazi nyingine kunachukua miezi 5 badala ya 2. Hapo foleni yenyewe ndiyo inayowakesha walinzi. Wachumi Carl Shapiro na Joseph Stiglitz waliionyesha hesabu hii mwaka 1984: katika hali hiyo hauwezi kukuta mji ambao kila anayetaka kazi anayo, kwa sababu siku hiyo kufukuzwa hakumtishi mtu.

Fundi wa Kamalondo:
Ndiyo maana Ford, yule wa magari kule Marekani, mwaka 1914 alilipa dola 5 kwa siku, uvivu ukaisha. Serikali ingeamuru kampuni zote zifanye hivyo, nchi nzima ingechapa kazi.

Mwalimu wa Ruashi:
Nusu ya hiyo naikubali, fundi. Ford alikuwa na gari linalopita mbele ya kila mtu kwenye mstari, mvivu alionekana mara moja. Kilichomsumbua zaidi ni watu kuondoka: mwaka 1913 walioacha kazi walikuwa kama asilimia 370 ya idadi ya wafanyakazi, kila nafasi ikijazwa upya mara kadhaa kwa mwaka. Hapa kwetu Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, iliona jambo linalofanana mwishoni mwa miaka ya 1920. Kuleta wanaume kutoka mbali kisha kuwapoteza kulikuwa ghali, ikaanza kutoa mikataba ya miaka 3, nyumba na posho, na kuruhusu wake waje. Sababu ilikuwa kuwabakiza, lakini nyumba ya kambini unaihama siku unayofukuzwa, kwa hiyo inambana mtu kama nyongeza ya dola.

Amri kwa wote ndiyo ile ya bohari zote kupandisha. Uvivu unaweza kupungua, na foleni inarefuka.

Mama Depo:
Mie nilikuwa na kijana ku depo yangu ya bunga, mutoto wa dada yangu. Nikamuongezeya mushahara, akaendelea kulala juu ya mifuko. Hiyo hesabu yenu ni ya bazungu.

Dereva wa Kasumbalesa:
Mama, na ulimufukuza?

Mama Depo:
Mutoto wa dada yangu? Ningefika wapi na dada?

Dereva wa Kasumbalesa:
Basi ulimupa nyongeza bila tisho. Hata 500 haingemuamsha. Na wale wanaobeba mifuko, unawalipa kwa mfuko, sivyo? Hao hauhitaji kuwazidishia, mfuko unahesabika. Ulinzi wa usiku hauhesabiki. Mwizi asipokuja, aliyelala na aliyekesha wanafanana asubuhi.

Kapita mstaafu:
Mwalimu amesahau mambo mawili ya hapa.

La kwanza, mikataba ya miezi 6 ya makampuni ya kukodisha watu. Anayejua ataondoka tu baada ya miezi 6, akeshe asikeshe, hana kazi ndefu ya kulinda. Kwa hesabu yako hiyohiyo inabidi umuongeze juu ya 120, tena zaidi kadiri mwisho unavyokaribia. Mabosi hawaongezi, ndiyo maana wanaahidi kurefusha mkataba, na ahadi hiyo ikivunjwa mara moja kikosi kizima kinalala.

La pili ni nafasi zinazouzwa. Kazi ikilipa zaidi ya soko, kapita aliye mlangoni anaomba mshahara wa mwezi wa kwanza. Wengine watasema ni sawa, ni dhamana. Si dhamana. Hela iliyokwisha kuingia mfukoni mwa kapita haimkeshi mtu leo. Tena kapita anapata faida kumfukuza hata mchapakazi ili auze nafasi upya. Mlinzi akiona anafukuzwa hata akikesha, atakesha kwa nini?

Mwalimu wa Ruashi:
Hilo la pili nalikubali lote. La kwanza pia, mradi bosi hana kabisa nia ya kurefusha.

Kijana wa Katuba:
Sawa, lakini kikomo bado sijajibiwa.

Mwalimu wa Ruashi:
Ukiweka kikomo cha 100, bosi hataajiri wawili wanaolala. Atanunua mbwa na taa, au ataweka msimamizi. Kukamatwa kukipanda hadi moja kati ya tano, hasara inayohitajika inashuka hadi 100, na kwa miezi 5 mshahara wa 100 unatosha. Hiyo ndiyo njia ya kushusha mshahara bila walinzi kulala, na kwa 100 anaweza kuongeza watu. Ila msimamizi naye analipwa, na huwa anafanya kazi bila kuonwa.

Dada wa Annexe:
Nyote mnaongea kama foleni ni hali ya hewa. Watu wanashikwa na njaa ya wenzao waliopo nje. Wasio na kazi wangekuwa na msaada wa kufikisha 90 badala ya 60, bosi angelazimika kulipa 150 ili walinzi wakeshe. Mimi ningelipenda hilo.

Mwalimu wa Ruashi:
Hesabu yako ni sahihi, dada. Kwa 150 angeajiri wangapi?

Dada wa Annexe:
Inategemea mali iliyomo ndani ya bohari. Kwa shaba ya lori moja, angelipa hata 200 bila kupunguza mtu. Kwa bunga la Mama Depo, hapana.

Kapita mstaafu:
Na bohari la shaba ndilo nafasi zake zinauzwa ghali kuliko zote. Anzeni hapo.