Tupeane uzoefu: kuyageuza maongezi ya wasapu ya mameneja yawe ombi la uhamisho wa bidhaa

Karani wa Mjini: Naanza mie. Duka letu la vifaa vya ujenzi lina matawi Unguja na Pemba. Mameneja wanakubaliana wasapu, mie naandika ombi rasmi. Juzi meneja wa Chake na wetu waliandikiana hivi:

"Sheikh, rangi nyeupe imenishia, nipe 30."
"Ndoo?"
"Zile za kawaida."
"Nnazo kama 40. Chukua 20 kwanza."
"Haya, zipande boti ya kesho."

Nikaandika ndoo 20. Kumbe Chake "za kawaida" ni kopo la lita 4. Kwetu ni ndoo ya lita 20. Alitarajia lita 80, bandarini Mkoani zikashuka 400. Nilisemwa siku nzima.

Bi Stoo: Pole mwanangu. Swali la "ndoo?" halikujibiwa, ukalijibu wewe. Mie hapo namrudia mwombaji: lita ngapi? Ningeandika:

*Mwombaji: Tawi la Chake Chake. Mtoaji: Tawi la Mjini. Bidhaa: rangi nyeupe, kopo la lita 4. Zilizoombwa: 30. Zilizokubaliwa: 20. Sababu: imekwisha dukani. Usafiri: boti, tarehe…*

Idadi zote mbili ziandike, maana zile 10 bado anazitaka. "Kama 40" usiinukuu, kafungue leja. Na "kesho" iliyoandikwa saa sita usiku ni kesho ipi? Weka tarehe.

Mwana wa Wete: Tabu yote ya nini? Mie nabandika picha ya maongezi kwenye fomu, bosi anasaini, mzigo unaondoka.

Bi Stoo: Picha ihifadhi, siku ya ubishi itakufaa. Lakini anayepakia hawezi kusoma maongezi yote akitafuta idadi. Na picha yako moja ilikuja kwangu na habari za mshahara wa watu ndani.

Mwana wa Wete: Hiyo nilikata vibaya 😅

Mtumbatu: Mie uhamisho nimeomba mara mbili nirudi Mjini, barua hazijajibiwa. Au niandikeje?

Karani wa Mjini: Kaka, huu wa bidhaa.

Mtumbatu: Aa, samahani. Hata rangi inanitangulia kuhama!

Mwana wa Wete: Basi nijibuni hili. Mzigo ukiwa baharini uko leja ya nani? Kwetu tunautoa siku ya kupakia. Kopo mbili zikipungua, hazina mwenyewe.

Bi Stoo: Sisi tuna ukurasa wa "njiani". Mzigo unakaa humo mpaka mpokeaji asaini idadi aliyohesabu mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye ombi.

Mwana wa Wete: Na akichelewa kusaini wiki nzima?

Bi Stoo: Hapo ndipo tunapogombana kila mwisho wa mwezi.

Karani wa Mjini: Chake kachukua ndoo 4, lita zake 80 zimetimia. Zile 16 bado ziko stoo kwake. Ombi la kuzirudisha aandike nani, yeye au mie?