Naomba ushauri: fomu ya oda haijui bidhaa imeisha

Habari wanajamii. Malipo ya mtandaoni yamenizidi gharama, kwa hiyo napokea oda kwa Google Forms, majibu yanaingia Google Sheets, kisha nampigia mteja kuthibitisha kabla hajalipa.

Tatizo la kwanza nimelimaliza. Kila oda mpya huja na mstari wake, na fomula ya jumla niliyoburuta chini haikuufuata. Sasa iko F1 peke yake, na bei ziko kwenye laha ya Bei:

```
={"Jumla";ARRAYFORMULA(IF(D2:D="","",E2:E*VLOOKUP(D2:D,Bei!A:B,2,FALSE)))}
```

Linaloniumiza ni stoki. Bidhaa ikibaki moja, watu wawili huichagua na wote hupata ujumbe kwamba oda imepokelewa. Kuifuta kwenye fomu kwa mkono hakusaidii, kwani oda nyingi huingia usiku, na kumwambia mteja "samahani, imeisha" kunamvunja moyo.

Nafikiria Apps Script iiondoe bidhaa kwenye orodha kila fomu inapotumwa. Je, aliyeitumia, inawahi oda zinapofuatana kwa sekunde chache, au bado kuna mwanya? Na mteja asipolipa, mnairudishaje bidhaa kwenye orodha: baada ya muda fulani, au kwa mkono? Natanguliza shukrani.