Rilei ya volti kwa hezi inatripu kila tunapozima mtambo: je, kuna ubaya nikiizuia?

Mtambo_wa_Mlimani

Wakuu, habari zenu. Ninasimamia upande wa umeme katika kituo kidogo cha maji huku Nyanda za Juu Kusini. Tuna jenereta moja ya kV 11, inayopitia transfoma moja kwenda kwenye laini ya kV 33. Kila tunapozima mtambo kwa utaratibu wa kawaida, rilei ya volti kwa hezi inatripu na taa nyekundu inawaka. Wakati huo breka imekwisha kufunguka, mzigo umekwisha kuondoka, na mashine inapungua kasi yenyewe. Wazimishaji wa zamu wamechoka kufuta alamu, na uongozi unauliza kwa nini kila ripoti ina neno "hitilafu". Ninaomba ushauri: kuna ubaya gani nikiizuia rilei hiyo isifanye kazi mara breka inapofunguka, kwa kuwa mtambo tayari haulishi mtu yeyote?

Kisima cha Busara

Kijana, sisi tulifundishwa kwamba rilei ikilia unamtafuta mwizi, humfungi mbwa mdomo. Kizazi cha sasa kinanyamazisha kila kinachosumbua usingizi. Nimemaliza.

Fundi Umeme Tanga

Mkuu, usiwe na wasiwasi. Frikwensi ndogo na volteji kubwa ni mambo ya mashine iliyo kazini. Mashine iliyokwisha kutoka kwenye gridi haina mzigo, kwa hiyo haina mkondo wa kuichoma transfoma. Zaidi ya hayo, lazima unayo rilei ya volteji ya juu, nayo itakulinda ikiwa volteji itapanda. Mimi ningeizuia bila kusita.

Dada wa Rilei

Ndugu Fundi, hapo naomba tutofautiane. Transfoma haichomwi na mkondo wa mzigo peke yake. Sumaku iliyomo katika kiini cha chuma haiujui mzigo. Inafuata volteji ikigawanywa kwa frikwensi, basi. Ukiwa na volteji ileile huku frikwensi ikishuka, kila nusu wimbi linadumu muda mrefu zaidi, na sumaku inakuwa na nafasi ya kupanda juu zaidi kabla ya kugeuka. Rilei ya volteji ya juu haitaona lolote, kwa sababu kV 11 kwake ni asilimia 100, iwe ni Hz 50 au Hz 40.

Kwa mwenye uzi nina maswali mawili. Breka inayofunguka ni ipi, ile iliyo kati ya jenereta na transfoma, au ile ya upande wa kV 33? Na baada ya kufunguka, eksaitesheni ya jenereta, yaani mkondo unaoipa rota sumaku, inazimwa na nani, na wakati gani?

Mama Asha wa Ng'ambo

Samahani kwa kuingilia, lakini nadhani nina ugonjwa huohuo. Shemeji yangu alinitumia kutoka Saudia kitransfoma cha kushusha umeme, kibati chake kinasema V 220, Hz 60. Hapa nyumbani nikikichomeka kinavuma kama nyuki na kinapata moto hata kabla sijaunganisha kitu chochote. Fundi wa mtaani ameniambia ni feki.

Dada wa Rilei

Mama Asha, si lazima kiwe feki. Kilitengenezewa V 220 kwa Hz 60, nawe unakipa V 230 kwa Hz 50. Gawanya mwenyewe: volteji imezidi kidogo, frikwensi imepungua sana, na jumla yake ni sumaku iliyozidi kiwango kwa takriban asilimia 25. Kwamba kinapata moto bila mzigo ndiyo dalili yenyewe. Kichomoe, tafadhali. Ninaendelea kumsubiri mwenye uzi.

Mtambo_wa_Mlimani

Ahsante, dada. Breka inayofunguka ni ya kV 33. Kati ya jenereta na transfoma hakuna breka, ni nyaya moja kwa moja. Kuhusu eksaitesheni, AVR inayoshikilia volteji ya jenereta inabaki katika hali ya otomatiki hadi kasi ishuke, kisha inajizima. Ndivyo nilivyoukuta mfumo. Kumbukumbu ya rilei inaonyesha kwamba wakati wa kutripu volteji ilikuwa kV 11, frikwensi Hz 42, na uwiano 1.25. Hatua ya kutripu imewekwa 1.18 kwa sekunde 2, na ya alamu ni 1.10 kwa sekunde 45. Nieleweke vizuri: siyo kwamba ninadharau ulinzi. Joto la mafuta halijapanda hata nyuzi moja katika matukio yote hayo.

Mhakiki

Wakuu, mnapoteza muda. Uzi huu ni wa kutunga, au ni swali la mtihani lililoandikwa vibaya. Jenereta ni ya kV 11, na volteji ilikuwa kV 11, kwa hiyo upande wa volteji ni moja kamili. Hz 50 ukigawanya kwa 42 unapata 1.19. Hiyo 1.25 imetoka wapi? Rilei haikosei kugawanya. Mtu aliyesimama mbele ya mtambo halisi asingeandika namba zisizokubaliana. Tena swali lenyewe ni la kinafiki, maana anayeomba ruhusa ya kuzuia kwa kawaida amekwisha kuzuia.

Fundi Umeme Tanga

Duh, Mhakiki amepiga hesabu. Mkuu, jibu hapo, au tufunge uzi twende kwenye mpira.

Dada wa Rilei

Mhakiki, hesabu yako ni sahihi, lakini umedhani kwamba transfoma nayo ni ya kV 11. Mwenye uzi, nenda kwenye transfoma yenyewe, soma kibati cha mtengenezaji, utuandikie volteji ya upande wa chini. Usiisome kwenye mchoro.

Mtambo_wa_Mlimani

Nimesoma. Kibati kinasema kV 33 kwa kV 10.5. Mchoro unasema 33 kwa 11, lakini transfoma ya kwanza iliungua kabla sijafika, na hii ililetwa kutoka kituo kingine. Aliyeweka rilei inaonekana alitumia kibati. Transfoma ya kupimia volteji ni 11000 kwa 110, na katika rilei volteji ya msingi imeandikwa V 105.

Na kwa kuwa Mhakiki ameniita mnafiki, niseme wazi. Ndiyo, waya wa kutripu umetolewa tangu wiki iliyopita. Rilei inatoa alamu tu. Sikuuliza ili nipewe ruhusa. Tulikuwa na agizo la kupunguza matukio, na mtambo ukiwa nje ya gridi hakuna mteja anayeathirika. Bado sijaona aliyeonyesha madhara.

Mhakiki

110 kwa 105, mara 50 kwa 42, ni 1.247. Sawa, naondoa neno "kutunga". Neno la pili nimelithibitisha.

Dada wa Rilei

Sasa tunaongea. Tulifuate tukio moja tangu mwanzo, kwa kipimo cha transfoma, kwa sababu ndiyo iliyo dhaifu hapa.

Mkiwa kazini kwa kV 11 na Hz 50, transfoma iko 1.05 tayari. Kwa kawaida transfoma huvumilia asilimia 5 zaidi ikiwa na mzigo kamili, na asilimia 10 bila mzigo, kwa muda wowote. Breka ya kV 33 inafunguka, maji yanafungwa, kasi inaanza kushuka. Transfoma bado imening'inia kwenye jenereta, na AVR, kwa utiifu wake wote, inaongeza mkondo wa rota ili volteji ibaki kV 11. Mkifika karibu Hz 44.4 uwiano unagusa 1.18. Sekunde 2 baadaye rilei inatripu, mkiwa Hz 42. Kwa hiyo kasi yenu inashuka zaidi kidogo ya Hz 1 kwa sekunde. Rilei hiyo haikuwa inawasumbua, ilikuwa ndiyo inayoizima eksaitesheni. Mlipotoa waya mliondoa kitu pekee kilichokuwa kinaisimamisha AVR mapema. Sasa ikiwa AVR inashikilia kV 11 hadi Hz 36, uwiano unafika 1.45.

Kiini cha chuma kwa kawaida hupangiwa tesla 1.6 au 1.7, na chuma hicho hushiba karibu na tesla 2. Kikishiba, sumaku iliyozidi haina tena njia ndani ya zile bati nyembamba zilizotengwa kwa ajili yake. Inatoka na kupita katika fremu zinazokibana kiini, boliti na ukuta wa tangi, yaani vyuma vinene ambavyo sumaku inayogeukageuka huzalisha ndani yake mikondo ya kuzunguka. Vinapata moto haraka sana, mahali padogo sana. Kipimajoto chako kimechomekwa juu kwenye mafuta, nayo mafuta ni mengi, hivyo sekunde 10 za moto kwenye pembe ya fremu hayatazijua. Anayezijua ni maabara. Chukua sampuli ya mafuta ipimwe gesi zilizoyeyuka, na uangalie hasa ethilini na methani, ulinganishe na kipimo cha awali.

Fundi Umeme Tanga

Nimekubali kuhusu volteji ya juu. Lakini basi suluhisho ni rahisi: abadilishe tepu ya transfoma, uwiano urudi 33 kwa 11.

Dada wa Rilei

Tepu ziko upande wa kV 33, kaka. Zinabadilisha idadi ya mizunguko ya upande ule. Sumaku inawekwa na jenereta kupitia koili ya kV 10.5, ambayo mizunguko yake haibadiliki. Utabadilisha volteji inayotoka, kiini kitabaki kilekile.

Ningefanya mambo mawili baada ya kurudisha waya leo. Mfuatano wa kuzima uifungue breka ya eksaitesheni mara tu breka ya kV 33 inapofunguka, bila kusubiri kasi. Na AVR nyingi zina kidhibiti chake cha volti kwa hezi, kinachoishusha volteji sambamba na frikwensi. Kiwashwe, kiwekwe 1.03 kwa kipimo cha jenereta, ambayo ni 1.08 kwa transfoma, chini ya alamu ya rilei.

Mhakiki

1.03 ni kali mno. Kwa kV 11 itaanza kushusha volteji mkiwa Hz 48.5. Laini za huko mwisho wa gridi, ikitokea zimebaki peke yake na mtambo mmoja, frikwensi inafika hapo kwa urahisi, na hapo ndipo wateja wanapohitaji volteji. Mimi ningeweka 1.05.

Dada wa Rilei

1.05 ni 1.10 ya transfoma, juu ya mstari wa alamu. Hapo huna nafasi.

Mhakiki

Basi tatizo ni transfoma isiyolingana na jenereta, siyo namba yangu.

Mtambo_wa_Mlimani

Waya umerudishwa jioni hii, na sampuli ya mafuta itatumwa. Kidhibiti cha AVR nimekikuta kimezimwa, na nywila anayo mkandarasi, ambaye hapokei simu. Mfuatano nao unahitaji huyohuyo. Kwa sasa nimewaagiza wazimishaji wafungue breka ya eksaitesheni kwa mkono kwanza, ndipo wafungue ya kV 33.

Dada wa Rilei

Hapana! Geuza mpangilio huo kabla ya zamu ya usiku. Ukiondoa eksaitesheni mashine ikiwa bado kwenye gridi, itaanza kuvuta sumaku kutoka kwenye laini na inaweza kupoteza mshiko. Washushe mzigo hadi karibu na sifuri, wafungue ya kV 33, halafu papo hapo ya eksaitesheni, kabla kasi haijashuka chini ya Hz 48.

Mtambo_wa_Mlimani

Nimeelewa, nabadilisha maandishi sasa hivi. Ila usiku mzimishaji ni mmoja, na paneli ya eksaitesheni iko chini kwenye ukumbi wa mashine, siyo kwenye chumba cha udhibiti.

Kisima cha Busara

Basi mzime mchana.