Tupeane uzoefu: kupanua picha nje ya mipaka yake bila ukuta kupinda wala vivuli kugombana

MamaStudio_Majengo
Mbukwenyi wana Dodoma. Mteja kaniletea picha ya marehemu babu yake amesimama mbele ya tembe, nyeusi na nyeupe, ya wima. Anataka bango la futi 6 kwa 4. Nimeiskani ikatoka pikseli 1600 kwa 2000, kwa hiyo ili ilale inahitaji upana wa 3000. Pikseli 1400 hizo mpiga picha hakuzipiga kabisa.

Nikavuta fremu kwa `Crop` ndani ya Photoshop, nikabonyeza `Generative Expand` pande zote mbili kwa mpigo. Tembe ikaota paa la bati la mgongo. Ukuta ukapinda pale pale picha halisi inapoishia, na nguzo mpya ikatupa kivuli kulia wakati cha babu kinaenda kushoto. Mliowahi kufanya kazi hii, mlifanyaje?

Kibaigwa_Mahindi
Dada, mimi picha yangu ilikuwa ndogo, nikaikuza mara 4 ikatoka safi hata kwenye fremu kubwa ya sebuleni.

MamaStudio_Majengo
Asante kaka, ila hiyo ni kukuza kilichopo. Mimi natafuta kuongeza ambacho hakipo.

Dogo_UDOM
Andika kwenye maelekezo `same lighting, same perspective`, itafuata. Halafu hakikisha vivuli vyote viko sambamba. Kimoja kikienda upande, umeharibu.

MzeeWaLenzi
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Kijana, ardhini vivuli vya jua viko sambamba kweli. Kwenye picha vinabaki hivyo jua likiwa ubavuni kabisa mwa kamera. Likiwa mbele au nyuma ya kamera, ukiirefusha mistari yake inakutana kwenye upeo wa macho, kama reli. Usifute kivuli sahihi kwa sababu hiyo.

Na hayo maelekezo hayasaidii sana. Programu haipimi pembe wala haijui jua lilikuwa wapi. Inatazama kilicho jirani na sehemu tupu, inakisia. Eleza vitu unavyotaka vionekane. Tembe imeliona mara chache, ndiyo maana inakimbilia bati. Jaribu hivi:

```
long low mud wall, flat earth roof, bare ground
```

Mama, kabla ya kupanua, fungua leya mpya. Chora mstari juu ya ukingo wa paa na mwingine chini ya ukuta, uirefushe mpaka ikutane, hata kama ni nje ya picha. Kimo cha hapo zilipokutana ndicho kimo cha jicho la kamera. Pitisha mstari mlalo. Kama unamkata babu kifuani, basi mtu yeyote wa kimo chake kwenye uwanja huo tambarare lazima akatwe kifuani, awe karibu au mbali. Mimi niliwahi kuongezewa mchungaji nyuma ya zizi, ukampita juu ya kichwa. Alikuwa kama mtoto mwenye ndevu.

Usigawe 700 na 700. Kivuli kinaenda kushoto, basi ongeza 900 kushoto na 500 kulia ili kipate pa kumalizikia. Na usijaze ukanda mzima mara moja. Matoleo ya mwanzo yalikuwa yanatengeneza pikseli 1024 tu kwa upande kisha yanavuta, ndipo ukungu unapotokea. Jaza nusu ya chini kwanza, yenye kivuli na msingi wa ukuta, kisha ya juu, kila kipande kiingie kidogo ndani ya kilichotangulia. Mwisho rudisha skani halisi juu kama leya yake, uso wa babu usiguswe.

Kondoa_Mjini
Ndugu yangu alipanua picha ya kiwanja ili mti wa mpakani uonekane, akaipeleka kwenye kikao cha usuluhishi. Jirani akauliza mti huo uliota lini. Ule mti ulibuniwa na programu.

Dogo_UDOM
Kwa bango la familia si sawa tu?

Kondoa_Mjini
Mjukuu ataamini babu aliishi kwenye tembe refu vile. Mimi ningewaambia.

MamaStudio_Majengo
Nimerudi. Mistari imekutana kulia, nje ya picha, kwenye kimo cha kifua cha babu. Nusu ya chini ilikubali mara ya tatu, kivuli kikaungana. Paa jipya lilikuwa linashuka mno, nikalikamata kwa mstari ule ule nikalijaza upya.

Kinachonisumbua ni sehemu mpya kuwa laini mno, wakati skani ina chembechembe. Nimeongeza kwa `Add Noise` kwenye leya mpya pekee, `Monochromatic` nikiwa nimeiweka tiki. Nikikaa karibu bado naona mpaka kwenye anga, ila nikirudi hatua tatu unapotea. Mteja nimemwambia pande zimetengenezwa. Ameomba na nakala ya picha yenyewe ilivyo. Mzee, chembe za anga na za ukuta unaziweka kiasi kimoja, au angani unapunguza?