Mrejesho: kitufe cha "Ghairi" kwenye aplikesheni ya pesa

Niliuliza: "Mbona watu wanatuma pesa walizotaka kuzisitisha?"

Wakuu, nimerudi. Niliwapa wauzaji wa soko la Mgandini, Tanga, simu ya majaribio, nikanyamaza.

Ukitaka kutoka, kinatokea kisanduku: "Ughairi muamala?" Chini yake "Ghairi" na "Sawa". Mama mmoja, aliyekosea namba, akabonyeza "Ghairi". Kumbe hicho kinafunga kisanduku tu! Akarudishwa kwenye malipo, akaona "Endelea" ya kijani, akabonyeza, akaweka namba ya siri. Elfu ishirini (za majaribio, shukuru Mungu) zikaenda.

Sasa vitufe vinasomeka "Futa muamala" na "Rudi kwenye malipo". "Endelea" imekuwa "Tuma 20,000". Jina la mpokeaji nimeliweka juu yake, maana ndani ya kitufe majina marefu yalikatika kwenye simu ndogo.