Wenye fremu na madalali, acheni kupangisha chipsi kwenye mabomba ya duka la nguo

BombaInchi4 (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo nina hasira. Hapa Dar fremu inajengwa kwa ajili ya kuuza vitenge, anakuja muuza chipsi, dalali anachukua chake, mwenye nyumba anakula kodi ya miezi sita. Mwezi wa nne chemba inatapika nyuma ya nyumba, na lawama zote ni "mpangaji mchafu". Mchafu ni nani kati ya aliyekaanga na aliyempa bomba lisilofaa?

Chukua nyumba tunayoijua wote: fremu tatu chini, wapangaji juu, choo cha nyuma, chemba mbili, septiki, mwisho shimo la kufyonza. Mfumo huo ulipangiwa maji ya choo na ndoo za kudekia. Sasa mtu anaosha makarai kwa maji ya moto na sabuni. Mafuta yakiwa ya moto yanapita sinki kama maji, huoni tatizo lolote. Yakifika kwenye bomba lililofukiwa yanapoa na kuganda ukutani, na kila siku utando unaongezeka kidogo. Bomba la inchi 4 linabaki na tundu la inchi moja na nusu, halafu kipande kimoja cha ganda la kiazi kinamaliza kazi.

Hilo la bomba bado ni dogo, kwa sababu fundi atazibua. Balaa ni mafuta yanayopenya hadi kwenye shimo la kufyonza. Yanapaka udongo wa kuta, vitundu vinaziba, maji hayana pa kwenda. Unaita gari la kunyonya, linalipwa, wiki haijaisha shimo limejaa tena. Mwenye nyumba anasema wenye gari wamemwibia. Hawajamwibia! Gari linanyonya maji, halirudishi udongo uliokufa. Hapo dawa ni kuchimba shimo jingine, na ua wenyewe mita tatu.

Kinachotakiwa ni chemba ya kunasa mafuta, ijengwe KABLA mpangaji hajaingiza karai. Kwa kibanda cha chipsi chenye sinki mbili, chemba yenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 60 na kina cha maji cha sentimita 80 inabeba lita 480. Maji yanapata muda wa kupoa, mafuta yanaelea juu. Bomba la kutoka liwe na T inayozama ndani ya maji ili lichukue maji ya chini. Fundi akikuwekea bomba la kutoka juu juu bila T, amekujengea beseni la mapambo. Na choo KISIUNGWE humo. Choo kijiunge mbele yake, baada ya mafuta kunaswa.

Mtaa_wa_Pili

Mkuu umeandika vizuri ila unawaonea wenye nyumba. Mpangaji akishapata leseni ya biashara na bwana afya akapita, biashara imeruhusiwa. Mwenye nyumba anahusikaje tena?

MzeeWaHati

Nusu umepatia. Leseni na ukaguzi wa afya ni vya mpangaji, pamoja na vipimo vya afya vya wanaoshika chakula. Lakini soma hati ya kiwanja. Kama imeandikwa makazi, kubadilisha matumizi ni ombi la mwenye kiwanja kwa mamlaka ya mipango miji, yaani manispaa yako. Mpangaji hawezi kuliomba kwa jina lake. Matokeo yake kijana anaweka vigae, ananunua friji, halafu anazuiwa kwa kosa la karatasi ambayo si yake. Kabla ya kulipa hata mwezi mmoja, omba kuona nakala ya hati. Dalali akisema "hiyo tutashughulikia", ondoka.

DadaWaDraya

Mimi nina saluni, mafuta sipiki. Maji yananuka kwenye sinki la kuoshea nywele ingawa yanapita vizuri tu. Mwenye nyumba anasema ni dawa zangu za nywele. Nijenge hiyo chemba ya mafuta?

BombaInchi4

Hapana dada, chemba ya mafuta si yako. Dawa ya nywele inanuka ukiwa unaitumia, haisubiri usiku. Kama harufu inazidi asubuhi unapofungua, angalia chini ya sinki: kuna mkunjo wa bomba wenye maji ya kuzuia hewa ya shimoni? Mara nyingi fundi ameshusha bomba moja kwa moja. Kama mkunjo upo, mwaga maji jagi moja usiku, kesho unuse. Harufu ikipungua, maji ya mkunjo yanakauka au yanavutwa na sinki jingine. Na weka kichujio cha matundu madogo, usafishe kila mteja. Nywele za rasta haziozi.

Shoka_la_Moto

Afadhali saluni imetajwa, maana watu wanadhani moto ni wa jikoni tu. Hesabu: draya nne za wati 1,200 ni wati 4,800. Ongeza hita ya maji ya wati 2,000, jumla 6,800. Gawanya kwa volti 230, unapata kama ampea 30. Fremu nyingi soketi zimepitishiwa waya wa milimita 2.5 na breka ya 20. Breka inakatika kila Jumamosi, anaitwa fundi, anaweka breka ya 32. Haikatiki tena! Sasa waya ndiyo inayochemka ukutani. Breka ikikatika inakwambia ukweli. Tenganisha laini, hita iwe na yake. Soketi ikiwa ya moto ukiigusa au plastiki imegeuka kahawia, zima leo.

Kwa muuza chipsi: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni. Mtungi ukae nje, penye hewa, mbali na mdomo wa chemba, kwa sababu ikivuja inaingia humo na kukusubiri. Dirisha la juu pekee halisaidii, weka matundu usawa wa sakafu. Karai likishika moto funga gesi, funika kwa mfuniko wa chuma. Ukimwagia maji umeutawanya moto hadi darini. Jeshi la Zimamoto wakija kukagua waulize mtungi upi wa kuzimia unafaa moto wa mafuta, usinunue wowote tu.

Ghorofa_ya_Kwanza

Na moshi je? Bomba lao la moshi limeishia chini ya dirisha langu. Nguo zote zinanuka kitunguu.

BombaInchi4

Lipandishwe lipite paa. Feni ya kusukuma moshi ukutani inahamisha kero tu. Na bomba hilo lioshwe ndani, mafuta yanayoganda humo yanashika moto kutoka kwenye karai.

Mtaa_wa_Pili

Sawa, nimekubali kuhusu hati. Lakini chemba ya mafuta analipa nani? Mpangaji akihama haondoki nayo.

MzeeWaHati

Kwangu mwenye nyumba ajenge, mpangaji asafishe, na viandikwe kwenye mkataba: mafuta na tope vikifika robo ya kina vinatolewa. Kwa chemba ya sentimita 80 ni 20, unapima kwa kijiti.

Shoka_la_Moto

Mpangaji ajenge, akatwe kwenye kodi. Mwenye nyumba akijenga ataweka ndoo ya lita ishirini na kuiita chemba.

MzeeWaHati

Na mpangaji akijenga bila T?